Pakti ya Ubuyu ya 3,000 na Makato ya 200: Jinsi ya Kulinganisha Kampuni za Malipo

Afisa mauzo wa kampuni ya malipo akikupigia simu, neno lake la kwanza ni asilimia. "Bosi, sisi tunakata asilimia mbili tu." Anayeuza friji za laki nane akilisikia hilo, ana haki ya kufurahi. Anayeuza ubuyu wa pakti kwa oda za WhatsApp na Instagram anatakiwa amuulize papo hapo: "Mbili tu, au mbili na kitu?" Hicho "kitu" ndicho kinachomla mwenye oda nyingi ndogondogo, na mara nyingi kimeandikwa mstari wa mwisho wa jedwali la makato, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani.

Mwongozo huu ni wa muuzaji wa namna hiyo, aliye Mwanakwerekwe, Darajani, Chake Chake au Wete, mwenye oda mamia kwa mwezi na nyingi zikiwa chini ya 10,000. Anataka kampuni moja impokelee malipo ya mitandao yote, M-Pesa, Mixx by Yas iliyokuwa Tigo Pesa, Airtel Money na HaloPesa, na kadi pia ikiwezekana, kisha imwekee pesa benki. Viwango nitakavyotumia ni vya mfano wangu, si vya kampuni yoyote. Ukishaelewa njia, utaweka vya kwako.

Hatua ya kwanza: jua ni makato ya aina gani

Yako ya asilimia tupu: kinakatwa kipande cha kila malipo, kikubwa kwa oda kubwa na kidogo kwa ndogo. Yako ya kiasi kimoja kwa kila muamala, ambayo hayajali kama umelipwa 3,000 au 300,000. Mengi ni mchanganyiko wa hayo mawili, kwa mfano asilimia moja na nusu ukijumlisha shilingi 200.

Aina ya nne ndiyo inayowapita watu wengi: asilimia yenye kiwango cha chini. Unaambiwa "asilimia 2, kiwango cha chini 200". Ukisikia hivyo, gawa 200 kwa 0.02. Unapata 10,000. Maana yake oda yoyote isiyofika 10,000 haikatwi asilimia mbili hata kidogo, inakatwa 200 kavu. Kama oda zako nyingi ziko chini ya hapo, ile asilimia mbili ni ya wateja wengine, wewe uko kwenye makato ya kiasi kimoja.

Mitandao ya simu nayo ina madaraja: kutoka kiasi fulani mpaka kiasi fulani unakatwa hiki, ukivuka unakatwa kile. Hayo hayana fomula, yanahitaji jedwali lenyewe mkononi. Angalia tu kama bei yako imekaa shilingi chache juu ya mpaka wa daraja, maana hapo kushusha bei kidogo kunaweza kumpunguzia makato anayelipa au anayelipwa.

Hatua ya pili: toa oda za mwezi mmoja, moja moja

Usikisie. Chukua taarifa ya miamala ya mwezi mzima kutoka kwenye simu au benki, uziandike oda zote kwenye jedwali la Google Sheets, mstari mmoja kwa kila oda. Mwezi uwe wa kawaida. Ramadhani si mwezi wa kawaida kwa anayeuza vitu vya kula. Wala usichukue mwezi wa masika makubwa, wakati bodaboda hazitembei na watu hawaagizi.

Andika kiasi alicholipa mteja, si bei ya bidhaa. Kama pakti ni 3,000 na ya kupelekewa ni 2,000, na mteja ametuma 5,000 kwa mkupuo, basi oda hiyo ni 5,000. Kampuni inakata kwenye kila kilichopita kwake, hata zile 2,000 ambazo utamkabidhi dereva jioni bila kubaki na senti.

Ukinakili viasi kutoka kwenye ujumbe wa simu, tazama namna tarakimu zilivyokaa kwenye safu. Zikiwa zimelala upande wa kushoto, jedwali limezisoma kama maneno, kwa sababu ya herufi za "TSh" au nafasi iliyojificha mwishoni, na jumla yako itazipita bila kusema kitu. Ondoa herufi mpaka zihamie kulia.

Hatua ya tatu: pitisha kila oda kwenye kila kampuni

Tumchukue muuzaji wetu wa ubuyu. Kwa mwezi ana oda 600. Oda 300 ni za pakti moja, 3,000. Oda 180 ni za pakti na kashata, 5,000. Oda 90 ni za kopo kubwa, 10,000. Na 30 ni za ndoo zinazokwenda kwa wenye maduka Dar es Salaam kwa boti, 40,000 kila moja. Mauzo yote ni 3,900,000.

Amepewa ofa tatu. Kampuni A inakata asilimia 3.5 bila la ziada. Kampuni B inakata asilimia 1.5 na shilingi 200 kwa kila muamala. Kampuni C inakata asilimia 2, kiwango cha chini 200. Kiasi cha oda kikiwa safu ya B, fomula za kampuni hizo, kwa mfuatano huohuo, ni hizi:

```
=B2*0.035
=B2*0.015+200
=MAX(200, B2*0.02)
```

Ziburute mpaka chini kwenye oda zote, kisha jumlisha kila safu kwa `SUM`. Kama simu yako inakataa mkato ndani ya `MAX`, weka nukta mkato badala yake. Inategemea nchi uliyochagua kwenye mipangilio ya jedwali. Matokeo kwa kila aina ya oda ni haya:

| Oda | Idadi | A | B | C |
|---|---|---|---|---|
| 3,000 | 300 | 105 | 245 | 200 |
| 5,000 | 180 | 175 | 275 | 200 |
| 10,000 | 90 | 350 | 350 | 200 |
| 40,000 | 30 | 1,400 | 800 | 800 |
| Jumla ya mwezi | 600 | 136,500 | 178,500 | 138,000 |

Tazama ilivyopinduka. Kampuni yenye asilimia ndogo kuliko zote, B, ndiyo ghali kuliko zote. A, ambayo kwa kuisikia tu ungeikimbia, ndiyo rahisi kwa nywele. Kwenye pakti ya 3,000, yale makato 245 ya B ni zaidi ya asilimia 8 ya oda. Na asilimia hiyo inatoka kwenye mauzo, haitoki kwenye faida. Kama kwenye pakti hiyo faida yako ni 600, baada ya ubuyu wenyewe, sukari, rangi, mfuko na kuni, B imechukua shilingi 245 kati ya 600. Umefanya kazi, yeye kachukua karibu nusu.

Kwa hesabu ya haraka ya kampuni mbili huhitaji hata jedwali. Tafuta tofauti ya kiasi kimoja, uigawe kwa tofauti ya asilimia. A na B zinatofautiana 200 kwenye kiasi na 0.02 kwenye asilimia: 200 gawa kwa 0.02 ni 10,000. Chini ya 10,000 A ni rahisi, juu yake B ni rahisi, na kwenye 10,000 yenyewe ziko sawa, kama jedwali linavyoonyesha. Kwa A na C, mpaka ni 200 gawa kwa 0.035, yaani kama 5,700. Andika mipaka hiyo kwenye karatasi, itakusaidia huko mbele.

Wastani unavyodanganya

Wapo watakaokwambia usijisumbue na oda moja moja, chukua wastani tu. Mauzo 3,900,000 gawa kwa oda 600 ni 6,500. Kwa A na B wanasema kweli: makato ya asilimia na ya kiasi kimoja yanakwenda kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo jumla ya mauzo na idadi ya oda zinatosha kabisa kukupa jibu sahihi. Jaribu B: asilimia 1.5 ya 3,900,000 ni 58,500, na 200 mara 600 ni 120,000. Jumla 178,500, ileile ya kwenye jedwali.

Kwa C haifai. Oda ya wastani, 6,500, iko chini ya 10,000, hivyo inakatwa 200. Mara 600, ni 120,000. Kwa hesabu hiyo C inaishinda A kwa zaidi ya 16,000, na ungesaini leo. Lakini makato halisi ni 138,000, kwa sababu zile ndoo 30 za Dar zinakatwa 800 kila moja na wastani umezificha ndani ya pakti. Ukiwa mvivu zaidi ukachukua asilimia mbili ya mauzo yote kama alivyosema afisa, utapata 78,000. Kampuni moja, mwezi mmoja, majibu matatu, na moja tu ndilo litakalotoka kwenye akaunti yako. Kila penye kiwango cha chini, kiwango cha juu au madaraja, hesabu oda moja moja.

Hatua ya nne: ongeza yasiyosemwa kwenye simu

A na C zinapishana kwa 1,500 tu, kwa hiyo kitakachoamua kiko nje ya makato ya muamala. Waulize wote wawili maswali haya, na majibu yaje kwa maandishi.

La kwanza ni kuhamisha pesa kwenda benki. Tuseme A inatoza 1,500 kila inapokuhamishia, na C inahamisha bure mara moja kwa wiki. Ukitaka A ikuletee kila siku, siku 30 ni 45,000, na A iliyokuwa rahisi sasa inakugharimu 181,500, ghali kuliko B. Ukikubali mara moja kwa wiki, ni 6,000, jumla 142,500. Hapo swali linahama kutoka kwenye makato kwenda kwenye mtaji: unaweza kukaa wiki nzima pesa yako ikiwa kwao, wakati anayekuuzia ubuyu anataka taslimu? Kama huwezi, hiyo pesa ya kuhamisha ni gharama yako ya kweli, iweke kwenye hesabu.

La pili ni kodi ya VAT. Je, kiwango walichokutajia kimeshaibeba au inakuja juu yake? Kama inakuja juu kwa asilimia 18, ile 3.5 inakuwa 4.13, na 200 inakuwa 236. Ukilinganisha kampuni moja iliyotaja kiwango chenye kodi na nyingine isiyo nayo, umelinganisha vitu viwili tofauti.

La tatu, mteja akirudishiwa pesa zake, makato yanarudi? Kampuni nyingi hazirudishi. Kwa makato ya asilimia, kurudisha 3,000 kunakupotezea 105. Kwa B kunakupotezea 245. Anayeuza chakula harudishi mara nyingi, lakini anayeuza nguo za saizi, madera na viatu, ajiandae.

Ada ya kila mwezi, kama ipo, igawe kwa idadi ya oda zako uone imeongeza shilingi ngapi kwa kila moja. Kwa oda 600, ada ya 30,000 ni shilingi 50 kwa kila oda. Kwa mwenye oda 60 ni 500, na hapo heri aendelee na lipa namba yake ya kawaida.

Hatua ya tano: jilipe mwenyewe kabla ya kutangaza

Ukishachagua, fungua akaunti, lakini usiwatumie wateja kiungo bado. Chukua simu ya ndugu, ulipe mara tatu: 3,000, 10,000 na 40,000. Halafu subiri pesa ziingie na uangalie kilichokatwa kwa kila moja.

Tuseme umechagua C. Kwa 3,000 unatarajia kupokea 2,800. Ukikuta 2,764, zimekatwa 236. Gawa kwa 200 unapata 1.18: VAT imewekwa juu, licha ya alivyokwambia afisa. Ukikuta makato yanalingana na asilimia lakini simu ya ndugu yako nayo imekatwa, basi mlipaji anatozwa upande wake, na mteja wa pakti ya 3,000 ataliona hilo kabla yako. Atakutumia picha ya skrini na kukuuliza, "Dada, mbona nimekatwa?" Na ukikuta kwamba 10,000 imekatwa zaidi ya 200, na ziada hiyo si VAT, kiwango ulichoambiwa sicho kilichowekwa kwenye akaunti yako. Hilo ni kosa la kurekebishwa siku hiyohiyo, kabla halijapitiwa na oda mia.

Hatua ya sita: punguza miamala, au gawa njia

Hapa ndipo tofauti ya aina mbili za makato inapoonekana kwa vitendo. Kwenye A, kuunganisha oda hakubadilishi kitu: pakti mbili zikilipwa mara mbili au mara moja, makato ni 210. Kwenye B na C, kila malipo unayoyaepuka ni pesa. Kama mteja wa Fuoni anaagiza pakti Jumatatu na nyingine Alkhamisi, mwambie alipie zote mbili Jumatatu. Kwa C, 6,000 inakatwa 200 badala ya 400. Ukifanikiwa kwa oda 100 tu kati ya zile 300, zinakuwa malipo 50 na umeokoa 10,000 kwa mwezi. C inashuka hadi 128,000 na kuipita A moja kwa moja, bila kubembeleza mtu punguzo.

Kuna muuzaji atakayepandisha oda ya chini iwe 6,000 ili kupata matokeo hayo. Mimi naogopa hilo. Mwanafunzi wa skuli anayenunua pakti moja leo ndiye anayemwambia shangazi yake wa Dar kuhusu ndoo. Afadhali kifurushi cha pakti mbili kwa 5,800: kwa C unaokoa 200 za muamala na kumpa mteja zilezile 200. Kwa A zawadi hiyo inatoka mfukoni mwako, karibu yote.

Njia nyingine ni kutumia kampuni mbili. Kumbuka ule mpaka wa 5,700. Pakti za 3,000 na za 5,000 zipite A: 31,500 na 31,500. Makopo na ndoo zipite C: 18,000 na 24,000. Jumla 105,000. Ongeza 6,000 za kuhamishiwa na A kila wiki, unafika 111,000, yaani umeokoa 27,000 kuliko kubaki na C peke yake. Gharama yake ni kazi ya daftari: akaunti mbili za kusuluhisha kila wiki, na mteja aliyelipa ndoo kwenye kiungo cha pakti. Kwa mwenye oda 600 na msaidizi mmoja inafaa. Kwa anayefanya yote peke yake usiku baada ya kulaza watoto, 27,000 hizo anazifanyia kazi mara ya pili.

Usisahau pia kuomba. Kampuni kubwa duniani zinajua shida ya oda ndogo: PayPal, kwa wafanyabiashara wa Marekani, ina kiwango cha kawaida cha asilimia 3.49 na senti 49, na kiwango cha pili cha malipo madogo cha asilimia 4.99 na senti 9. Asilimia imepanda, kiasi kimoja kimeshuka. Tumia hesabu ileile: senti 40 gawa kwa 0.015 ni kama dola 26.67, na chini ya hapo kile chenye asilimia kubwa ndicho rahisi. Kwa hiyo usimwombe afisa akupunguzie asilimia, maana atakupunguzia nukta mbili na kukuachia zile 200. Mwonyeshe jedwali lako la oda 600, umwombe ashushe kiwango cha chini kutoka 200 hadi 100 hata kama asilimia itapanda hadi 2.5.

Kwa muuzaji wetu ofa hiyo ingetoa makato ya 100 kwa kila pakti ya 3,000, 125 kwa oda ya 5,000, 250 kwa kopo na 1,000 kwa ndoo. Jumla 105,000 kwa kampuni moja, daftari moja. Inalingana na zile kampuni mbili kabla hata ya kuhesabu pesa ya kuhamisha.

Rudia hatua ya pili na ya tatu kila bei zinapobadilika au kampuni inapotoa jedwali jipya. Ubuyu ukipanda na pakti ikawa 4,000, mpaka wa 5,700 hausogei, lakini oda zako zimeusogelea. Ukipandisha pakti hadi 6,000 zimeuvuka, na A iliyokuwa rahisi kwa oda ndogo inageuka kuwa ghali kwa oda hizohizo.